Je, Usingizi Huosha Ubongo?

Mtoto akifikishwa hospitali akiwa na homa kali, shingo imekakamaa na macho hayataki mwanga, daktari hushuku homa ya uti wa mgongo, na mara nyingi humwambia mzazi: "Itabidi tumtoe maji ya mgongo." Wazazi wengi huingiwa na hofu hapo. Sindano hupitishwa chini kiunoni, katikati ya pingili mbili, mahali ambapo uti wenyewe umeshakoma, na matone machache hudondokea kwenye kichupa. Mtoto akiwa hana ugonjwa, matone hayo huwa maangavu kama maji ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi.

Jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi ni kwamba maji yale si ya mgongo peke yake. Ni yale yale yanayouzunguka ubongo, yakajaza vyumba vilivyomo ndani yake, kisha yakateremka hadi kiunoni. Mtu mzima huwa na takriban mililita 150 za maji haya kwa wakati mmoja, kiasi kisichofika kikombe kimoja cha chai. Lakini kila siku mwili hutengeneza karibu nusu lita. Kwa hiyo hayatuami: kati ya asubuhi na asubuhi hubadilishwa yote mara tatu au zaidi, mapya yakiingia na ya zamani yakitoka.

Kwa muda mrefu kazi ya maji haya ilielezwa kuwa ni kinga, yaani kuufanya ubongo uelee usije ukagonga fuvu. Tangu mwaka 2012 limezuka dai kubwa zaidi: kwamba maji haya hupenya ndani ya nyama ya ubongo, hukusanya taka na kuzitoa, na kwamba kazi hiyo hufanyika hasa tukiwa tumelala. Dai hilo limeenea upesi kuliko ushahidi wake. Kuna sehemu yake iliyosimama imara, kuna sehemu inayobishaniwa sasa hivi na watu wanaoijua kazi yao, na msomaji anastahili kuzitofautisha.

Taka zisizokuwa na mfereji

Ubongo wa mtu mzima ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu moja ya tano ya nishati yote mwili unapopumzika. Kazi kubwa namna hiyo haikosi mabaki. Mojawapo ya mabaki hayo ni kipande kidogo cha protini kiitwacho amiloidi-beta. Si sumu ya wagonjwa peke yao. Ubongo wako na wangu unakitengeneza wakati huu, na kwa kawaida kinaondolewa kwa kadiri kinavyotengenezwa. Katika ugonjwa wa Alzaima, ambao ndio chanzo kikuu cha kusahau kupita kiasi uzeeni, vipande hivi hugandamana na kuwa mabonge kati ya seli za ubongo. Mabonge hayo huanza kujengeka miaka mingi kabla mgonjwa hajaanza kupotea njia ya nyumbani kwake.

Viungo vingine vya mwili vina njia iliyo wazi ya kuondoa mabaki kama hayo. Kati ya seli za misuli au ngozi kuna majimaji, na majimaji yakizidi hubebwa na mishipa myembamba ya limfu, hupita kwenye tezi na mwishowe kurudi katika damu. Mtu aliyewahi kuumia mguu akaota mtoki kwenye kinena anazifahamu tezi hizo. Lakini ndani ya nyama ya ubongo hakuna mishipa ya limfu. Mwaka 2015 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba ipo kwenye utando unaoufunika ubongo, chini ya fuvu. Hapo ni ukingoni. Katikati bado hakuna.

Basi taka inayozalishwa katikati ya ubongo hufikaje ukingoni? Jibu la zamani lilikuwa kutawanyika kwenyewe. Ukichoma udi pembeni mwa chumba kisichokuwa na upepo, harufu hufika upande wa pili bila kusukumwa na mtu. Chembe ndogo husafiri hivyo kwa umbali mfupi bila shida. Chembe kubwa kama protini, zikipita kwenye vichochoro vyembamba vilivyo kati ya seli, huchukua muda mrefu mno. Ndiyo maana baadhi ya watafiti walihisi kwamba lazima kuna kitu kinachosukuma.

Mwaka 1985 Patricia Grady na Marshall Rennels wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, walieleza kwamba protini iliyotiwa katika maji ya ubongo wa wanyama ilionekana, baada ya dakika chache tu, imezingira mishipa ya damu ndani kabisa ya ubongo. Huo ulikuwa mwendo wa haraka kuliko kutawanyika kwenyewe. Lakini wengine hawakufanikiwa kuupata, na habari ile ikakaa kando kwa zaidi ya miaka 25.

Bomba ndani ya ala

Aliyeirudia ni Maiken Nedergaard, mwanasayansi kutoka Denmaki, katika maabara yake ya Chuo Kikuu cha Rochester, jimbo la New York, akiwa na Jeffrey Iliff na wenzao. Tofauti na watangulizi wao, walikuwa na hadubini ya leza inayoweza kuona ndani ya ubongo wa panya aliye hai. Walimfungulia panya kidirisha kidogo kwenye fuvu, wakatia rangi inayong'aa katika maji ya ubongo kupitia nyuma ya shingo, kisha wakaangalia rangi inaelekea wapi.

Rangi haikusambaa ovyo. Ilifuata ateri zinazozama kutoka juu ya ubongo kwenda ndani, ikipita nje ya mshipa wenyewe. Fikiria bomba lililovikwa ala isiyoubana: damu inapita ndani ya bomba, na kati ya bomba na ala kuna uwazi mwembamba. Uwazi huo ndio njia ya maji ya ubongo. Kila moyo unapopiga, ateri hutanuka na kusinyaa, na maji husukumwa mbele.

Ala hiyo imejengwa na seli ziitwazo astrosaiti, zenye umbo la nyota. Miguu yao imeushika mshipa kila upande, na kwenye miguu hiyo kumejaa vijitundu vya kupitisha maji viitwavyo akwaporini-4. Kwa maelezo ya watafiti, maji huingia kwa upande wa ateri, hupita kati ya seli yakichanganyika na majimaji yaliyomo, kisha hutoka yakifuata vena, yakiwa yamebeba taka.

Ili kujua kama vijitundu vile vina kazi kweli, walitumia panya waliozaliwa bila akwaporini-4. Katika panya hao, kuondoka kwa chembe zilizotiwa ndani ya ubongo kulipungua kwa karibu asilimia 70, na kuondoka kwa amiloidi-beta kwa karibu asilimia 55. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2012. Kwa kuwa kazi ilifanana na ya limfu na ikafanywa kwa msaada wa seli za kundi la glia, ambamo astrosaiti zimo, waliunganisha majina hayo mawili wakauita mfumo wa glimfatiki.

Panya aliyeamshwa kwa kutikiswa mkia

Usingizi uliingia mwaka uliofuata, kwa jaribio ambalo linafaa kuelezwa hatua kwa hatua, kwa sababu mabishano yote ya leo yanarudi hapo.

Panya hulala mchana. Lulu Xie na wenzake katika maabara ile ile waliwazoesha panya kutulia chini ya hadubini hadi wakaweza kusinzia wenyewe. Waya ndogo zilipima umeme wa ubongo na mvutano wa misuli, ili kuwe na hakika kwamba mnyama amelala kweli, si kwamba ametulia tu. Panya akiwa usingizini, walitia rangi ya kijani katika maji ya ubongo wake, na rangi ikazama ndani ikifuata ateri. Baada ya nusu saa wakamwamsha kwa kumtikisa mkia taratibu, kisha wakatia rangi nyekundu. Nyekundu ilibaki juu juu. Kuingia kwa maji kulikuwa kumepungua kwa takriban asilimia 95.

Kwa nini? Walipima ukubwa wa vichochoro vilivyo kati ya seli. Panya akiwa macho, vichochoro hivyo vilikuwa kama asilimia 14 ya ujazo wa ubongo. Akilala, vilifika asilimia 23 au zaidi kidogo. Yaani nafasi ilipanuka kwa zaidi ya nusu. Waliona pia kwamba kemikali ya noradrenalini, ambayo hutuweka macho, ndiyo iliyokuwa imefunga njia. Walipoizuia kwa dawa panya akiwa macho, ubongo wake ulianza kupitisha maji kama wa aliyelala.

Mwisho walitia amiloidi-beta yenye alama ya mnururisho ndani ya ubongo, wakapima kiasi kilichobaki baada ya muda. Katika panya waliolala iliondoka kwa kasi mara mbili ya waliokuwa macho.

Matokeo haya yalitangazwa mwaka 2013, na hapo ndipo dunia nzima ilipoanza kuambiana kwamba usingizi huosha ubongo. Ni rahisi kuelewa kwa nini. Lilikuwa jibu zuri kwa swali la kale: kwa nini mnyama akubali kulala saa nyingi hivyo, asile, asiweze kujilinda? Lakini yaliyoonekana yalikuwa ya panya, na ubongo wa panya hauzidi nusu gramu. Wa mtu una zaidi ya kilo moja na robo.

Tunajua nini kuhusu watu?

Mtu hawezi kutobolewa fuvu ili atazamwe kwa hadubini. Njia iliyokaribia zaidi ilitumika Oslo, nchini Norwei, na madaktari Per Kristian Eide na Geir Ringstad. Wao walikuwa na wagonjwa waliohitaji kuchunguzwa matatizo ya mzunguko wa maji ya ubongo. Waliwatia kiunoni, kwa sindano ile ile ya maji ya mgongo, dawa ya gadobutroli inayoonekana kwenye kipimo cha MRI, kisha wakawapiga picha tena na tena kwa siku mbili. Dawa ilipanda kutoka mgongoni, ikauzunguka ubongo na kuingia ndani yake, kisha ikapungua polepole.

Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2021, watu 17 walilala kama kawaida na 7 walikeshwa usiku mzima. Asubuhi, ubongo wa waliokesha ulikuwa na dawa nyingi zaidi iliyobaki. Usiku wa pili wote waliruhusiwa kulala. Walipopimwa tena, waliokesha walikuwa bado nyuma. Usingizi wa usiku mmoja haukulipa deni la usiku uliotangulia.

Huo ni ushahidi wa moja kwa moja kwa binadamu, na una uzito. Lakini tazama mipaka yake. Waliokesha walikuwa saba tu. Wote walikuwa wameletwa hospitali kwa kushukiwa kuwa na kasoro katika maji yale yale yaliyokuwa yakipimwa. Na gadobutroli si taka ya ubongo. Ni chembe ndogo kuliko amiloidi-beta, na haigandamani, kwa hiyo mwendo wake unaweza kutofautiana na wa protini.

Mwaka 2019 huko Boston, Laura Lewis na wenzake waliangalia jambo jingine. Watu walilala ndani ya mashine ya MRI huku umeme wa ubongo ukipimwa. Katika usingizi mzito, seli nyingi za ubongo hunyamaza kwa pamoja, kisha huamka kwa pamoja. Zikinyamaza, hazihitaji damu nyingi. Damu ikipungua kichwani, nafasi hubaki, na maji ya ubongo huingia kuijaza, kama wimbi linalorudi kila baada ya sekunde 20 hivi. Ni jambo la kustaajabisha, na limepimwa kwa watu wazima wenye afya. Hata hivyo mawimbi hayo yalionekana katika chumba kilicho chini ya ubongo. Kipimo hakikuonyesha kama maji yalipenya kwenye nyama ya ubongo, wala kama yalitoka na taka.

Taka iliongezeka, au haikuondolewa?

Kuna utafiti mwingine unaotajwa sana. Mwaka 2018 watafiti wa taasisi ya taifa ya afya ya Marekani waliwapima watu 20 wenye afya kwa kipimo cha PET, ambacho huweza kuonyesha amiloidi-beta ubongoni. Walipimwa mara mbili, baada ya usiku wa kulala na baada ya usiku wa kukesha. Baada ya kukesha, amiloidi-beta ilionekana kuongezeka kwa takriban asilimia 5 katika maeneo ya ndani ya ubongo, likiwemo linaloshughulikia kumbukumbu.

Anayesoma haraka atasema: umeona, ubongo haukuoshwa. Lakini tukumbuke mtaro wa mjini wakati wa mvua. Ukiamka ukakuta maji yamejaa barabarani, hujui bado kama mtaro umeziba au kama mvua ya jana usiku ilikuwa kubwa kuliko kawaida. Kimo cha maji hakikuambii. Lazima upime kinachoingia na kinachotoka.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, walijaribu kupima hivyo. Waliwapa watu wanane kiini cha protini chenye alama, ambacho mwili hukitumia kutengeneza protini mpya zikiwemo amiloidi-beta, kisha wakachota maji ya mgongo kidogo kidogo kwa mpira mwembamba usiku kucha. Alama ile iliwawezesha kutofautisha amiloidi-beta iliyotoka kutengenezwa na ile ya zamani. Kwa waliokesha, kiasi kilipanda kwa asilimia 25 hadi 30. Na sababu waliyoiona ni kwamba kilichoongezeka ni utengenezaji. Seli zikiwa macho hufanya kazi zaidi na huzalisha mabaki zaidi. Kasi ya kuyaondoa haikuonekana kubadilika.

Hili halikanushi kuwapo kwa mfumo wa glimfatiki. Linatuonyesha kwamba usingizi unaweza kuupunguzia ubongo taka kwa njia mbili, kwa kupunguza uzalishaji au kwa kuongeza uondoaji, na kwamba kipimo kimoja cha damu, cha picha au cha maji ya mgongo hakitoshi kuzitenganisha.

Jaribio la London

Pigo kubwa zaidi lilikuja mwaka 2024. Nicholas Franks, William Wisden na wenzao wa Chuo cha Imperial, London, waliuliza swali lile lile la mwaka 2013 wakapata jibu lililo kinyume.

Waliacha kutia rangi kwenye maji yaliyo nje ya ubongo. Waliidunga moja kwa moja ndani, kwenye eneo moja la katikati, kisha wakaweka uzi wa kioo unaopitisha mwanga kwenye eneo jingine la mbele, wakangoja kuona ni kiasi gani cha rangi kitakachofika. Kama ubongo unaondoa rangi kwa bidii, itakayofika upande wa pili itakuwa kidogo. Kama hauondoi, itafika nyingi. Panya waliolala walionyesha uondoaji uliopungua kwa karibu asilimia 30 kuliko walipokuwa macho. Waliotiwa nusukaputi ulipungua kwa karibu asilimia 50.

Sasa rudi kwenye mfano wa mtaro. Watafiti wa London walisema kwamba rangi kuonekana nyingi ndani ya ubongo wa panya aliyelala inaweza kuwa na maana mbili: maji yameingia zaidi, au yaliyoingia yameshindwa kutoka. Kuingia kwa maji kusihesabiwe kuwa ni kutoka kwa taka.

Watetezi wa mfumo wa glimfatiki nao walikuwa na majibu. Sindano inayodungwa ndani ya nyama ya ubongo huijeruhi, na jeraha hilo linaweza kuvuruga mtiririko dhaifu unaokusudiwa kupimwa. Rangi ndogo husafiri kwa kutawanyika, kwa hiyo huenda isionyeshe yanayozipata protini kubwa. Na jaribio la mwaka 2013 halikuishia kwenye kuingia kwa maji, kwani lilipima pia amiloidi-beta yenyewe ikipungua.

Haya si mabishano ya kwanza. Mwaka 2017 maabara ya Alan Verkman huko San Francisco ilirudia jaribio la akwaporini-4 na haikuona tofauti kati ya panya wenye vijitundu vile na wasiokuwa navyo. Mwaka uliofuata makundi matano ya watafiti yaliunganisha nguvu, yakatumia panya wa koo mbalimbali, na yote yakaona kwamba bila akwaporini-4 maji huingia kwa uchache. Walieleza pia kwamba mambo yanayoonekana madogo, kama aina ya dawa ya usingizi na mahali sindano ilipodungwa, hugeuza matokeo. Katika mtiririko mwembamba namna hii, chombo cha kupimia chenyewe huvuruga kinachopimwa.

Kidonge cha usingizi

Mwaka 2025 maabara ya Nedergaard huko Kopenhageni ilitoa maelezo mapya kuhusu kinachosukuma maji usingizini. Panya akiwa kwenye usingizi usio wa ndoto, noradrenalini haikomi kabisa. Hupanda na kushuka polepole, takriban kila sekunde 50. Ikipanda mishipa ya damu husinyaa, ikishuka hutanuka, na kusinyaa na kutanuka huko hufanya kazi ya pampu.

Kisha wakawapa panya zolpidemu, dawa ya usingizi inayotumiwa na watu wengi duniani. Panya walilala upesi, lakini mawimbi ya noradrenalini yalidhoofika na maji yakaingia kwa uchache. Kwa kumtazama tu, ungesema mnyama amelala vizuri. Ndani, pampu ilikuwa imepunguza mwendo.

Ni dokezo zito, na ni la panya. Halijathibitishwa kwa watu, na anayetumia dawa hiyo kwa maelekezo ya daktari asiiache ghafla kwa sababu ya habari hii, maana kuiacha ghafla kuna madhara yake. Maana yake kwa sasa ni finyu lakini ya kweli: kupoteza fahamu kwa dawa na kulala usingizi wa kawaida si lazima viwe kitu kimoja ndani ya ubongo.

Kwa anayefanya kazi usiku

Muuguzi wa zamu ya usiku, mlinzi na dereva wa basi la masafa marefu wakisikia kwamba asiyelala ubongo wake hujaa taka, wana haki ya kuogopa. Wanastahili jibu lililopimwa.

Yaliyo imara ni haya. Kuna njia kando ya mishipa ya damu ambayo maji ya ubongo huingia kwayo. Imeonekana kwa wanyama, na kwa watu picha za MRI zimeonyesha dawa ikipita na kupenya ndani. Kukesha hata usiku mmoja hubadilisha kiasi cha amiloidi-beta kinachopimika. Na katika usingizi mzito maji ya ubongo ya binadamu husogea kwa mawimbi.

Ambayo hayajathibitishwa ni kwamba usingizi wa mtu huongeza uondoaji wa taka zake halisi, kwa kiasi gani, na kwamba kasoro katika njia hiyo ndiyo inayoleta Alzaima. Uchunguzi wa karibu watumishi wa umma 8,000 wa Uingereza, waliofuatiliwa kwa miaka 25 hivi, ulionyesha kwamba waliokuwa wakilala saa sita au chini ya hapo walipokuwa na umri wa miaka 50 na 60 walikuwa na uwezekano wa takriban asilimia 30 zaidi wa kupata ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Lakini uchunguzi wa aina hiyo hauwezi kusema kipi kilitangulia. Alzaima huanza kuugusa ubongo miaka mingi kabla ya dalili, na mojawapo ya vitu inavyoviharibu ni usingizi wenyewe. Tena, asilimia 30 hapa ni ongezeko juu ya uwezekano uliokuwapo. Haimaanishi kwamba katika kila watu kumi wanaolala kidogo watatu watapoteza kumbukumbu.

Kuna la kujihadhari nalo pia. Jina la glimfatiki limeshaanza kubandikwa kwenye virutubisho, mito ya kulalia na mafuta ya kuchua, yote yakidaiwa kusafisha ubongo. Ukikutana na dai la namna hiyo, uliza kwanza: lilipimwa kwa nani, panya au watu? Kisha uliza: walipima maji yakiingia, au taka ikitoka? Mwisho uliza: walikuwa wangapi? Yote niliyoyaeleza hapa, hata yale bora kabisa, yanayumba kwenye swali moja au mawili kati ya hayo matatu. Bidhaa isiyoweza kujibu hata moja haifai kununuliwa kwa ajili ya ubongo.

Kinachohitajika kukata shauri ni kipimo kimoja ambacho bado hakijapatikana: kinachofuata taka halisi ya mtu aliyelala, ikizalishwa na ikitoka, usiku ule ule, bila kumchoma sindano ubongoni. Mpaka hapo, muuguzi anayetoka zamu saa moja asubuhi anaweza kuambiwa hivi bila kudanganywa: lala mapema uwezavyo, gizani, kwa muda mrefu uwezavyo, kwa sababu ubongo usiolala huzalisha amiloidi-beta zaidi, na hilo limeonekana kwa watu. Kama usingizi huo pia unamwosha, bado anadaiwa jibu.